Kanuni ya Kukatika

Kundi letu la sufuria lina wanawake tisa, na mimi, Asmahani, ndiye mkubwa wao kwa umri. Tunapika kwenye shughuli za watu. Harusi, maulidi, khitma, na kwa wenzetu Wakristo ubatizo na kipaimara. Pilau haiulizi mtu dini yake. Zamani, tukishasugua masufuria, tulikuwa na kawaida ya kwenda kukaa barazani kwa Mastura, pale Usagara, tukacheza keram kwenye ubao wa mumewe Jumbe. Jumbe mwenyewe alikuwa anatunyunyizia poda ubaoni kete ziteleze, kisha anaondoka zake kwenda msikitini, akisema hataki kuwa shahidi wa wanawake wanaogombana.

Jumbe alifariki mwezi wa pili. Homa ya siku nne tu. Mastura akaingia eda.

Wiki ya kwanza nyumba ilijaa. Wiki ya tatu tukabaki sisi na mawifi. Kufika siku ya arobaini kila mtu alikuwa amerudi kwenye jiko lake, na mimi pia, maana vibibi vyangu vya mchele havijipiki. Alfajiri baada ya sala niko mbele ya mkaa, saa mbili asubuhi nauza, adhuhuri naroweka mchele wa kesho. Jioni miguu inaniwaka moto. Nikimwandikia Mastura ananijibu "Amin" tu. Nikimuuliza umekula, anajibu Amin.

Mimi eda naijua. Mume wangu ana miaka kumi na mmoja kaburini, Mungu amrehemu. Katika eda yangu nilikuwa nahesabu misumari ya mlango wa chumbani. Ilikuwa ishirini na tatu. Nikimaliza naanza tena. Basi niliposoma ile Amin ya tatu nilijua kabisa kuwa Mastura naye ameanza kuhesabu misumari.

Praxeda wa Muheza, anayeuza machungwa pale njia panda, ndiye aliyekuja na neno. Siku hiyo alikuja mjini na tenga lake, akakaa jikoni kwangu.

"Mama Asma, mbona keram ipo kwenye simu? Mimi nacheza kila siku nikisubiri wateja. Mtu anafungua chumba, anapewa namba, anamtumia mwenzake. Mwenzake akiiandika ile namba anaingia, mnacheza wawili. Huyu yuko Muheza, huyu yuko Pangani, huyu yuko Usagara ndani ya eda yake. Nani kavunja nini?"

"Kuna kamari humo?"

"Kuna meza za kuwekeana visarafu vya mle mle, na kuna meza ya marafiki, haina kitu. Tutatumia ya marafiki."

Nikamwambia hapo sawa. Kiingilio hakuna, zawadi ya kuchangishana hakuna. Atakayeshinda nitampikia mkate wa kumimina kwa mkono wangu, basi, hiyo ni hiba.

Kwa nini mashindano, si kucheza tu? Kwa sababu kucheza tu mtu anaweza kukataa. Ukimwambia Mastura "njoo tucheze" atakwambia kichwa kinauma. Lakini ukimwambia "Mastura, kesho baada ya Alasiri unakutana na Beatrisi, usipoingia tunampa ushindi," atalazimika kunyanyuka. Aibu ya kuwaangusha wenzako inamnyanyua mtu pale ambapo huruma imeshindwa.

Wachezaji wanane, mimi mwamuzi. Nilikata vikaratasi, nikaviweka kwenye kikombe, nikachomoa viwili viwili. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana nikachora mti wa mtoano. Majina manane ukingoni, mistari inakutana wawili wawili, wanabaki wanne, tena wawili, tena mmoja. Mechi saba jumla. Nikaupiga picha na kuutuma kwenye kundi letu la simu, nao wakaanza kunicheka kwamba mistari yangu imepinda kama njia ya Lushoto.

Siku ya kwanza mambo yalituharibikia. Beatrisi alifungua chumba, akaitupa namba kwenye kundi zima. Chumba kinachukua watu wawili. Semeni, ambaye siku hiyo hakuwa na mechi, aliiona namba akadhani ni yake ya kucheza na Mastura, akaingia. Mastura aliyetakiwa kuingia akaambiwa chumba kimejaa. Semeni yuko Pangani, anakaanga samaki kule karibu na kivuko, na moshi humfanya asome nusu nusu. Walikuwa wameshacheza hadi kete tatu ndipo akauliza, "Mastura, mbona leo unapiga kama Beatrisi?"

"Kwa sababu mimi ndiye Beatrisi, mjinga wewe!"

Ikabidi nikae chini niandike kanuni. Mimi nimesoma hadi la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka. Ya kwanza ikawa kwamba jina la juu kwenye mti ndilo linalofungua chumba, dakika tano kabla ya saa, na namba anatumiwa mpinzani wake na mimi tu. Namba haitumwi asubuhi kwa mechi ya jioni, maana chumba kisipoingiwa kinajifunga na namba inakufa. Ya pili, atakayechelewa dakika kumi kashindwa. Na saa zote ni kati ya Alasiri na Magharibi, adhana isimkute mtu ameinamia simu.

Ya tatu ndiyo iliyonisumbua, ya kukatika. Mle ndani kila mtu ana sekunde chache za kupiga. Mtandao ukikukatikia, zamu yako inapita, ukirudi haraka unaendelea. Ukikosa zamu kadhaa chumba kinakutupa nje na ushindi anapewa aliyebaki. Mashine haijui kama umeme umekatika au kama umeona unashindwa ukazima simu. Sisi tunajuana. Katika hawa wanane yupo mmoja, simtaji, ambaye hata barazani akiona anashindwa alikuwa anaugusa ubao kwa goti.

Nikaandika hivi: "Ya tatu. Aliyebaki apige skrinshoti ya ubao. Aliyetupwa nje ana nusu saa ya kuniambia sababu, kwa simu yoyote, hata ya jirani. Sababu ikiwa ya mtandao, umeme, chaji au dharura ya nyumbani, mechi inarudiwa mara moja. Asiyesema sababu, hesabu yake kakimbia, na kashindwa. Ya nne. Aliyebaki akitaka kumsamehe mwenzake, ana haki hiyo, na mwamuzi hatamzuia."

Ya nne niliiongeza kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi. Nikawatumia, wote wakaandika wamekubali. Mastura akaandika "Nimekubali." Si Amin. Nililiangalia neno hilo muda mrefu.

Mechi zikaenda. Mastura alimtoa Beatrisi waliporudia. Semeni akamtoa mwingine, Praxeda akamtoa mwingine. Mle ndani kuna kipaza sauti, mkikifungua mnasikizana, na mimi nilikuwa naletewa habari. Siku ya Beatrisi, mwanzoni Mastura alicheza kimya. Katikati akasema "Bismillahi" kabla ya kupiga. Ilipokwisha Beatrisi akaniambia, "Mama Asma, leo kanitukana! Kaniita mkono wa mwiko!" Tulifurahi wote kwa tusi lile, hata aliyefungwa.

Nusu fainali ilikuwa Jumatano. Praxeda alishamaliza wake na kuingia fainali. Ikabaki Mastura na Semeni, saa kumi na moja kasorobo. Semeni ndiye jina la juu, akafungua chumba, namba ikanifikia. Nikaweka simu kando, nikaendelea kupepeta mchele.

Saa kumi na moja na dakika ishirini Semeni akapiga.

"Mama Asma, shikamoo. Huyu mtu kanikatia."

"Marahaba. Mtandao?"

"Mtandao gani! Kanicheka, halafu akanizimia. Nimemsikia kwa masikio yangu. Alicheka cha kunidharau, paa, kimya. Mimi nikabaki naangalia ubao kama kiziwi, hadi chumba kikaniandikia nimeshinda. Ushindi gani huo wa kutupiwa?"

"Skrinshoti unayo?"

Ikaja. Nikavaa miwani. Mastura alikuwa amebakiza kete nyeupe mbili tu, na ile nyekundu, malkia, ameshaitia na kuifunika kwa kete nyingine. Semeni alikuwa na nyeusi tano ubaoni. Mtu wa namna hiyo hana la kukimbia. Angepiga mara mbili akamaliza.

Nikampigia Mastura. Imezimwa. Nikatuma ujumbe, haukufika. Nusu saa ikapita. Adhana ya Magharibi ikaadhiniwa, nikasali, nikarudi kwenye simu. Kitu hakuna.

Kwenye kundi walikuwa wameshaanza. Praxeda aliandika, "Nani anakimbia mchezo alioushinda? Tumsubiri." Semeni akajibu, "Aliyeshinda ndiye mwenye jeuri ya kumzimia mtu. Kanuni ni kanuni. Angekuwa mimi mngenisubiri?" Mwingine akamwambia, "Semeni nawe, mwenzio yuko edani." Semeni akajibu, "Edani ndiko wanakochekea watu?"

Lile neno halikunipendeza. Nikawaambia wanyamaze mpaka kesho.

Kesho yake nilimaliza kuuza vibibi mapema, nikabakiza sita, nikaviweka kwenye sahani na kuifunika kwa kawa. Kutoka kwangu kwenda kwa Mastura si mbali, lakini siku ile nilipumzika mara mbili njiani. Goti la kushoto lilikuwa halitaki.

Aliyenifungulia ni Najat, wifi yake, mdogo wa mwisho wa marehemu. Ndugu wa mume walikuwa wanapokezana kulala pale, na wiki ile ilikuwa zamu yake. Msichana mwembamba, mkimya, macho yamemvimba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu yuko?"

"Yumo ndani. Jana hakula."

Akapokea sahani, akaenda nayo jikoni. Niliingia chumbani. Mastura alikuwa amekaa kitandani, nguo nyeupe, simu iko juu ya kabati, imezimwa, kioo kimegeuzwa chini. Ule ubao wa keram ulikuwa umesimamishwa nyuma ya mlango, uso umeelekezwa ukutani.

Sikumuuliza. Nilikaa. Nimejifunza kwamba mtu ukimkalia bila kumuuliza, mwenyewe hutafuta neno la kuujaza ule ukimya.

"Niandike nimeshindwa," akasema kwa sauti ya chini.

"Sababu?"

"Hakuna sababu."

"Kanuni ya tatu inataka sababu, Mastura. Ukinipa, mnarudia."

Akatazama mlangoni kwanza. Kisha akaniambia. Semeni alikuwa anapiga, na ile kete kubwa ya kupigia ikaenda yenyewe kutumbukia shimoni, ikabidi arudishe ubaoni kete moja aliyokuwa ameshaitia. Semeni akasema kwa lile sauti lake, "Wallahi kete yangu imepanda kivuko, imekwenda ng'ambo bila nauli!" Mastura akacheka. Haikuwa tabasamu. Alicheka kicheko chake kile cha zamani, cha kujipiga paja. Alipoinua macho, Najat alikuwa amesimama mlangoni, sahani ya ndizi mkononi.

"Akasema, 'Umecheka.' Basi. Neno moja. Mimi nikazima simu."

"Akasema nini tena?"

"Akaweka sahani, akatoka. Mama Asma, kaka yake hajamaliza miezi mitatu udongoni. Nimekaa kwenye nyumba yao, nakula chakula chao, na mimi nachekea keram. Atamwambia mama yao. Watasema mke alikuwa anasubiri." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Usiwaambie kina Semeni. Leo ukisema kwenye kundi, Alasiri habari iko sokoni. Niandike nimekimbia. Aibu ya kukimbia naiweza."

Nilitaka kumwambia kuwa dini imemkataza mjane kujipamba na kuchumbiwa, haijamkataza kucheka. Na nikamwambia. Akanitazama kama mtu anayesomewa tangazo la mji mwingine. Hukumu anaijua. Anachokiogopa ni watu, na watu hawana kitabu.

"Sitasema," nikamwahidi.

Njia nzima ya kurudi nilijilaumu. Kanuni niliiandika mimi. Nilidhani kila sababu ya kukatika ni kitu ambacho mtu anaweza kukisema mbele za watu: umeme, chaji, bando limekwisha. Sikumfikiria mtu mwenye sababu ya kweli asiyeweza kuitamka. Na sasa siri nimeshapewa, siwezi kuitumia. Nikimpa Mastura marudio bila sababu, Semeni ana haki ya kusema nimependelea, na kesho hakuna atakayeheshimu mti wangu. Nikimnyima, nimemuonea mtu nikijua.

Nilijaribu mlango wa kanuni ya nne. Nikampigia Semeni.

"Mwanangu, una haki ya kumsamehe. Nakuomba."

"Kwa sababu gani, mama?"

"Sababu siwezi kukupa."

Nikasikia mafuta yanachemka kwenye karai lake, kule Pangani. "Basi nami siwezi, mama yangu, nisamehe. Mimi nilimwambia maneno ya kumchekesha, nikajua tumerudi barazani kwetu kama zamani. Kumbe ananicheka. Sikukasirika kwa ajili ya mchezo. Nilikuwa na furaha, naye akanifungia mlango usoni."

Nikamwelewa. Hapo ndipo nilipochoka hasa, maana ningemwambia neno moja tu Semeni angelia. Lakini neno lenyewe si langu.

Nikaandika kwenye kundi, kidole kimoja kimoja: "Mechi ya Mastura na Semeni. Mastura hakutoa sababu. Kwa kanuni ya tatu Semeni kaingia fainali. Asmahani." Praxeda akaandika, "Mama, hata wewe?" Nikachukua kalamu nikalipeleka jina la Semeni mbele kwenye kalenda.

Saa tisa mchana nikaona mstari mdogo wa kijivu kwenye simu. Mastura ametoka kwenye kundi.

Nilikaa na simu mapajani. Mastura alikuwa amefika nusu ya eda. Nusu nzima ilikuwa imebaki. Nilijenga mashindano ili mtu asihesabu misumari, na mashindano ya mtoano, kumbe, kazi yake ni kuwatoa watu. Sikuliona hilo nilipokuwa nachora mistari. Nilisali Alasiri nikalia kwenye sijida, si sana.

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, Najat akaja kwangu. Alileta sahani yangu. Haikuwa tupu, aliiwekea ndimu. Nikamkaribisha kwenye mkeka. Akakaa nusu, kama mtu anayetaka kuondoka upesi.

"Bibi, nimekuja kukuuliza. Ile siku mlikuwa mnafanya nini kwenye simu?"

"Keram. Mashindano, bila kamari."

"Yeye sasa hashiki simu, hali chakula. Akiniona anainama. Nimemkosea nini?"

Nilimtazama vizuri. Mimi mtu huwa namtazama mikono. Mikono yake ilikuwa inazungusha ndimu moja, inazungusha.

"Wewe ulimwambia nini, mwanangu?"

"Nilimwambia umecheka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alicheka!" Sauti ikapanda, akaishusha. "Bibi, kaka alipomuoa huyu mimi nilikuwa darasa la pili. Nikitoka shule, kabla sijafika nyumbani nakisikia kicheko chake kwenye kona, najua kaka yumo ndani anamchekesha. Tangu tumzike, ile nyumba imekuwa kama bweni la wagonjwa. Siku ile natoka jikoni nakisikia. Nilidhani nimeota. Nikasema umecheka. Nilitaka kumwambia tena, acheke tena. Lakini akaizima simu, akaniangalia kama mwizi aliyekamatwa, nami nikashindwa, nikaenda kulia chooni."

Ndiyo hayo macho yaliyovimba. Na mimi niliyejidai kutazama, niliyaona nikapita.

"Ulimwambia mama yako?"

"Nilimwambia. Akasema alhamdulillahi."

Halafu nikamwambia, "Najat, mimi nina ahadi mdomoni, siwezi kusema kitu. Ila wewe ulikuwepo. Uliyoyaona ni yako. Nenda kamwambie yeye kwanza, hivi hivi ulivyoniambia mimi, na kule kulia chooni usikuruke. Akikuruhusu, kuna mtu Pangani anahitaji kuyasikia."

Akasimama. Mlangoni akageuka. "Na ile mechi, kashindwa?"

"Kwa kanuni, kashindwa."

"Alikuwa anashinda. Niliona kioo. Zilibaki mbili."

Kumbe anaijua keram. Nikamwambia aende.

Jioni, kabla ya Magharibi, Praxeda alimrudisha Mastura kwenye kundi. Hatukuambiwa nani kamwomba. Kisha ikaingia sauti, na haikuwa ya Mastura.

"Assalamu alaykum, na wale wengine habari zenu. Naitwa Najat, wifi yake Mastura, simu hii ni yake na yeye yuko hapa kanipa ruhusa. Yule dada wa Pangani, hakukucheka wewe. Alicheka maneno yako ya kivuko. Mimi nikaingia ghafla, akaona haya, akazima. Ni kicheko chake cha kwanza tangu tumzike kaka yangu. Basi kama kuna wa kutolewa kwenye huo mti wenu, nitoeni mimi."

Kisha Semeni akatuma sauti. Mwanzoni ilikuwa moshi na kukohoa tu.

"Mastura, mbwa wewe. Kwa nini hukuniambia? Mimi siku mbili nakaanga samaki nawaunguza. Mama Asma! Mama Asma upo? Kanuni ya nne. Nimesamehe. Turudie kesho, na afungue chumba yeye, mimi siaminiki na namba."

Nusu saa ya Mastura ilikuwa imepita kwa siku mbili, lakini kanuni ya nne haikuwa na saa. Niliiandika kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi. Siku hizi nafikiri nafasi ile hakuiacha mwuza karatasi, aliiacha Mungu.

Nikaandika: "Semeni kamsamehe. Marudio Jumamosi saa kumi na moja kasorobo. Mchezo unaanza upya, kete zote ubaoni." Nikalifuta jina la Semeni kwenye fainali kwa upande wa nyuma wa wembe, polepole, kalenda isitoboke.

Jumamosi nilikuwa na mchele wa watu wawili wa kusaga, mgongo umekufa ganzi. Namba ya chumba ikaja kutoka kwa Mastura kwa wakati, dakika tano kabla. Nikaisoma, nikaiacha. Nikapepeta, nikaosha, nikaroweka. Saa kumi na moja na nusu sijasikia kitu. Nikaanza kuwaza umeme. Nikaanza kuwaza mnara.

Skrinshoti ikafika. Ubao ulikuwa na kete nyeupe tatu, na nyeusi hakuna hata moja. Chini yake sauti ya Semeni:

"Nimemfunga, Mama Asma, nimemfunga kihalali! Lakini sitaki tena kucheza na watu wawili. Mmoja anapiga, mmoja yuko nyuma anamwambia piga huku, piga kule, wanagombana, wanacheka, masikio yangu yamekufa. Halafu ushauri wenyewe mbaya! Huyo wifi ndiye aliyemponza!"

Ya Mastura ikafuata. Haikuwa na neno. Ilikuwa na kicheko chake, na nyuma yake mtu mwingine anasema, "Si nilikwambia upige malkia kwanza!" Na nyuma ya hao wawili nikaisikia ile sauti ninayoijua, kete ya mbao inagonga ukingo wa ubao. Ubao wenyewe, si wa simu. Mtu alikuwa ameugeuza kutoka ukutani.

Nikaandika jina la Semeni pale palipokwanguliwa. Wino ulisambaa kidogo. Fainali, Semeni na Praxeda, Jumatatu. Mkate wa kumimina mmoja, ila nikaona nitapika miwili, wa pili uende Usagara.

Kabla sijaweka kalamu, ujumbe ukaingia kwenye namba yangu kutoka kwa Najat. "Shikamoo bibi. Duru nyingine mkianza naomba na mimi niandikwe."

Nikageuza kalenda, nikatafuta mwezi mwingine wenye mgongo mweupe. Wanane wanagawanyika vizuri. Tisa hawagawanyiki. Itabidi wawili wakutane kwanza kwenye mechi ya mchujo, mshindi ndiye aingie kwa wanane, na hiyo ni mistari mingine, na kanuni nyingine, na mtu wa kulalamika kwa nini yeye. Miguu ilikuwa inaniwaka. Nikachora tu, na kwenye mistari miwili ya mchujo nikaandika Najat, kisha Semeni, maana wale lazima wakutane mapema.